Mrejesho: ajali ya bajaji Igoma na ripoti ya polisi kwa ajili ya bima

Niliuliza: "Gari langu limegongana na bajaji, na dereva wake anataka tumalizane palepale. Nimwite trafiki? Na ripoti ya bima naipataje?"

Wakuu, asanteni. Nilipiga 112, na sijutii. Abiria wa bajaji alikuwa ameushika mkono wake kwa maumivu, na mtu akiumia hakuna tena habari ya kumalizana. Aliandikiwa PF3 ili atibiwe. Na maumivu kama yale huweza kuonekana ni madogo, kesho yake mkono umevimba.

Magari tuliyaacha yalivyokuwa. Trafiki alipima, akachora ramani ya ajali, akachukua leseni na bima zetu. Mimi nikapiga picha za namba, matairi na alama za breki kabla ya chochote kusogezwa. Kituoni nilitoa maelezo, kisha mkaguzi wa magari akaangalia uharibifu, hasa breki na usukani, kwa sababu bima watataka kujua kama ubovu ulikuwepo kabla ya ajali.

Kampuni ya bima niliijulisha siku ileile, bila kusubiri karatasi za polisi. Waliomba PF90, yaani ile ripoti ya polisi ya ajali, pamoja na ripoti ya ukaguzi, ramani, leseni na kadi ya gari.

Pale ndipo nilipokwama: kwenye PF90 herufi moja ya namba ya gari haikufanana na ile ya bima, faili likarudishwa. Msirekebishe kwa kalamu yenu! Nilirudi kwa mpelelezi wa jalada, akasahihisha na kugonga muhuri. Gari sikuligusa hadi mkadiriaji wa bima alipoliona. Sasa lipo gereji.