Muhtasari una tokeo moja, vipindi ni sita: malengo ya kila siku niyaandikeje?

ChakiNyeupe:
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha Hisabati Darasa la Tano, shule ya kijijini, wanafunzi 84 katika mkondo mmoja. Kwenye azimio la kazi tumetenga vipindi sita vya dakika 40 kwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Muhtasari unanionyesha mwisho wa safari tu, kwamba mwanafunzi amudu kujumlisha sehemu hizo na kuzitumia katika maisha yake. Nikinakili sentensi hiyo, maandalio yote sita yanafanana. Nikiandika "aelewe dhana ya sehemu", mwalimu wa taaluma ananiuliza nitajuaje kwamba ameelewa, na swali lake ni la haki. Ninyi mnaligawaje tokeo moja likawa malengo ya kila siku yanayopimika?

KijanaWaMufindi:
Mwalimu usihangaike. Ninayo maandalio ya Darasa la Tano ya muhula mzima, yameshachapwa. Nitumie ujumbe nikurushie, unabadilisha tarehe na jina la shule tu.

ChakiNyeupe:
Nashukuru sana ndugu yangu, lakini nataka kujua kuyaandika mwenyewe. Ya kwako yamefuata darasa lako, na mwakani mada itakuwa nyingine.

Bondeni:
Dawa ni orodha ya vitenzi inayofuata ngazi za Bloom, ngazi zilizopo tangu 1956 na zinazofundishwa vyuo vya ualimu. Futa "kuelewa", "kujua" na "kufahamu", weka vitenzi vya matendo. Halafu panda ngazi: Jumatatu kutaja, Jumanne kueleza, Jumatano kukokotoa, Alhamisi kuchambua, mpaka wiki iishe. Mdhibiti ubora akija hana la kusema.

MkufunziMstaafu:
Bondeni yuko sahihi kuhusu kufuta "kuelewa". Hapo kwenye ngazi moja kila siku ndipo ninapotofautiana naye. Zile ngazi hazikupangwa ziwe ratiba ya wiki. Ukiandika "mwanafunzi aweze kutaja maana ya asili", umepata kitenzi cha tendo, lakini kutaja kwenyewe hakumsogezi mtoto kwenye kujumlisha.

Mwalimu Chaki, anzia mwisho. Andika swali ambalo mtoto akiliweza utasema tokeo limefikiwa. Tuseme ni 1/2 + 1/3. Sasa lifanye mwenyewe polepole kwenye karatasi, na kila mkono wako unapofanya kitu, kiandike pembeni. Utaona umetafuta KDS ya 2 na 3 ukapata 6. Umebadilisha 1/2 kuwa 3/6 na 1/3 kuwa 2/6. Umejumlisha viasi na kuiacha asili ilivyo, ukapata 5/6. Kila kitu ulichoandika pembeni ni lengo linalosubiri sentensi yake, na vitenzi vinakuja vyenyewe bila orodha.

Kisha jiulize watoto hukosea wapi. Wengi watakuandikia 2/5, kwa sababu wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Basi kipindi cha kwanza kishughulike na kosa hilo kabla ya KDS. Mimi ningeandika hivi:

"Akipewa utepe wa karatasi wa sm 30 na rula, mwanafunzi aweze kupima na kuchora 1/2, 1/3 na 2/5 za utepe huo, kisha aeleze kwa mdomo kwa nini 2/5 si jibu la 1/2 + 1/3."

Nusu ni sm 15, theluthi ni sm 10, jumla sm 25. Hiyo 2/5 ni sm 12 tu, fupi kuliko hata nusu tuliyoanza nayo. Mtoto anayesema "haiwezekani, tumeongeza halafu imepungua" ameonyesha uelewa wake kwa namna unayoweza kuisikia. Mwenzako akikaa dawati la nyuma naye ataweza kuweka alama ya ndiyo au hapana, na hicho ndicho kipimo cha kitenzi chako.

Kipindi cha pili, aandike sehemu tatu zilizo sawa na sehemu aliyopewa. Cha tatu, abadilishe jozi ya sehemu ziwe na asili moja kwa kutumia KDS. Cha nne ajumlishe, cha tano ajumlishe na kurahisisha, cha sita atatue fumbo la maneno na kutunga lake.

Jihadhari na "kutambua". Huonekana kama tendo, lakini uliza mtoto atafanya nini ili ujue ametambua. Atazungushia? Atapanga? Andika hilo. Na tathmini ifuate lengo: ukiandika "aeleze" halafu ukatoa maswali matano ya kukokotoa, umepima kitu kingine kabisa.

ChakiNyeupe:
Shikamoo mkufunzi. Hili la sm 30 nalianza wiki hii hii. Shida yangu ni kwamba watoto 84 hawawezi kunieleza kwa mdomo mmoja mmoja ndani ya dakika 40.

MkufunziMstaafu:
Marahaba. Waeleze wawili wawili dawatini, wewe usikilize safu moja leo na nyingine kesho. Dakika tano za mwisho kila mmoja aandike jibu moja kwenye kipande cha karatasi. Si lazima usahihishe yote usiku huo. Yapange mafungu mawili, waliopata na waliokosa. Fungu la waliokosa kipindi cha tatu likiwa kubwa, usiende cha nne, rudia lengo la tatu kwa jozi nyingine za namba na uandike hivyo kwenye tafakuri. Azimio litachelewa kipindi kimoja, nako kuchelewa huko kuna sababu iliyoandikwa.

MamaGredi4:
Salamu kutoka Kakamega. Huku kwetu Kenya mtaala wa KICD hutupa matokeo maalum chini ya kila mada ndogo, kwa hivyo vitenzi vingi tayari tunavyo. Kinachonitatiza katika Kiswahili ni tokeo la mwisho, lile la "kuchangamkia" kusoma au kuzungumza. Mtoto mkimya anayependa vitabu nitampimaje kwa kipindi kimoja? Mimi huandika "ashiriki kusoma kwa sauti", lakini kushiriki si kuchangamkia.

MkufunziMstaafu:
Mwalimu, hilo nisingeliweka kama lengo la siku. Ningefuatilia muhula mzima nani anachukua kitabu bila kuambiwa, na kuandika ninachokiona.

MamaGredi4:
Mkaguzi wangu wa ndani anataka kila andalio liwe na la maarifa, la stadi na la mwelekeo. Siwezi kuliacha wazi. Nitaendelea na "achague kitabu mwenyewe na aseme sababu", ingawa bado halijaniridhisha.

Bondeni:
Mkufunzi, la ngazi nimekubali. Nibishe lengo lako la tatu. Umeandika "kwa kutumia KDS". Mtoto akipewa 1/4 + 1/6, akazidisha asili akapata 24, akaandika 6/24 + 4/24 = 10/24, akarahisisha kuwa 5/12, amepata sawa na yule wa KDS aliyeandika 3/12 + 2/12. Kwa lengo lako huyu amefeli.

MkufunziMstaafu:
Kwa lengo la kipindi cha tatu, ndiyo, hajalifikia. Kwa tokeo la muhtasari amelifikia. Nakiri hapo pana mvutano. Nimeitaja KDS kwa sababu namba zikikua, 24 inageuka 96 na mtoto anapotea njiani.

ChakiNyeupe:
Mimi nitaandika hivi: "Akipewa jozi tano za sehemu zenye asili zisizozidi 12, mwanafunzi aweze kuandika angalau jozi nne zikiwa na asili moja." Njia siitaji. KDS naihamishia kipindi cha tano, pamoja na kurahisisha, ili walinganishe njia zote mbili kwa swali lilelile na waseme ipi ina hatua chache.

Bondeni:
Hapo sawa. Ila "waseme ipi ina hatua chache" ongeza na "waonyeshe", la sivyo watakuitikia KDS kwa sauti moja hata ambao hawajaifanya.