Tupeane uzoefu: kulazimisha tovuti zote ziwe nyeusi, na yale maandishi na picha zinazopotelea gizani

Popo wa Tandika
Wakuu, habari za usiku. Nafundisha hesabu sekondari, na maswali ya wanafunzi nayaandaa mtoto akishalala, maana chumba ni kimoja. Ukurasa mweupe ukifunguka tu, ukuta mzima unawaka na mtoto anaamka. Wiki jana nikaandika `chrome://flags` pale juu panapoandikwa anwani, nikatafuta "Auto Dark Mode for Web Contents", nikaweka Enabled, nikabonyeza Relaunch. Kila tovuti ikawa nyeusi. Nilifurahi siku mbili.

Siku ya tatu nikafungua tovuti ninayochukulia maswali. Sentensi zipo, ila zinasomeka hivi: "Ikiwa ____ , tafuta thamani ya ____ ." Fomula zote hazipo! Nimeanza kwa kuilaumu tovuti ya watu, kumbe tatizo ni langu. Aliyepitia haya atupe mkasa wake na alivyojinasua.

Mama Chapati
Mie mkasa wangu ulinipata stendi. Nilikuwa nimeiwasha hiyo hiyo kwenye Chrome ya simu, na kwa kutaka makubwa nikachagua lile lililoandikwa "Enabled with selective inversion of everything". Asubuhi nafika kwenye basi, nafungua tiketi, ile alama ya mraba ya kuskani imegeuka: vidoti vyeupe juu ya weusi. Kijana akaelekeza kifaa chake mara nne, hakisomi. Akaniangalia kama mwizi. Nikarudi kwenye flags pale pale foleni ikinisonya, nikaweka Default, nikawasha Chrome upya, ikasoma mara moja. Tangu siku hiyo nikiwasha, nachagua lenye maneno "non-image elements", picha zangu ziachwe zilivyo.

Jobo254
Kitu mnasahau ni betri. Ukiweka giza betri inakaa karibu mara mbili, simu yoyote ile. Hiyo pekee inatosha.

SindanoNaUzi
Jobo, kwa simu yenye skrini ya OLED uko njiani, maana nukta nyeusi kabisa pale huwa imezimwa. Hiyo mara mbili sijawahi kuiona hata huko. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zina LCD, na taa ya nyuma ya skrini inawaka vile vile hata ukurasa uwe mweusi kama masizi. Hapo unapumzisha macho tu.

Turudi kwa Mwalimu. Fanya jaribio dogo: bonyeza Ctrl+A kwenye ukurasa huo. Maandishi yakijitokeza ndani ya ile rangi ya buluu, ujue ni maandishi yaliyofanana rangi na nyuma yake. Kama sehemu ya fomula inaonyesha kiboksi cha buluu chenye umbo la fomula, basi ile ni picha.

Popo wa Tandika
Kiboksi, mkuu. Na ndani yake kwa mbali naona mistari myeusi ya x na kipeo chake.

SindanoNaUzi
Basi ni picha ya PNG au SVG ambayo nyuma yake haina rangi: wino mweusi umewekwa kwenye kitu kama kioo. Ukurasa ulipokuwa mweupe ulionekana. Sasa brauza imepaka nyuma nyeusi na picha imeiacha, kwa hiyo ni wino mweusi juu ya ubao mweusi. Nembo na saini huyeyuka kwa sababu hiyo hiyo.

Ile swichi ya Chrome haikupi nafasi ya kurekebisha tovuti moja moja. Izime, uweke kiendelezi cha Dark Reader. Kisha bonyeza kitufe cha kulia juu ya fomula iliyopotea, chagua Inspect, usome jina la class ya hiyo picha. Kwenye Dark Reader nenda sehemu ya mipangilio ya ndani, utafute Dev tools, uongeze kipande kama hiki kwa anwani ya tovuti yako:

```
example.com

INVERT
img.formula
```

Badala ya `img.formula` weka jina ulilolikuta. Bonyeza Apply. INVERT inageuza hizo picha tu, wino mweusi unakuwa mweupe. Usiandike `img` peke yake, la sivyo picha za watu zitakuwa kama negativu za studio za zamani.

Popo wa Tandika
Nimefuata. Class ilikuwa `eqn`, nikaandika `img.eqn`. Fomula zimerudi, nyeupe! Ila sasa ukurasa mzima una rangi ya ajabu, maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Sijui nimegusa nini.

Neema wa Ughaibuni
Mwalimu, ile ya flags umeizima kweli? Mimi niliishi hivyo miezi, Chrome inageuza, na Dark Reader inageuza juu yake. Nikafuta kiendelezi nikikitukana, kumbe zilikuwa mbili zinapigana.

Popo wa Tandika
Aibu yangu. Nilikuwa sijaizima. Nimeweka Disabled, imetulia.

Kaka Mpole
Samahani, mbona YouTube yangu nyeusi na sijawahi kuweka chochote kati ya hivi? Nimedukuliwa?

SindanoNaUzi
Hujadukuliwa kaka. Hiyo ina mandhari yake nyeusi, inafuata mpangilio wa simu au kompyuta yako. Wikipedia nayo imekuwa na yake tangu 2024. Penye mandhari ya wenyewe tumia hiyo, maana waliotengeneza walishaziangalia picha zao. Dark Reader ina sehemu ya kutambua tovuti za namna hiyo na kuziacha.

Neema wa Ughaibuni
Kilichonisumbua mimi zaidi ni fomu. Naandika jina langu kwenye kisanduku na sioni ninachoandika. Mara moja nilituma maombi ya kazi nikiwa nimekosea barua pepe, kwa sababu herufi nyeusi zilikuwa kwenye kisanduku cheusi. Baada ya hapo niliongeza hii chini ya anwani ya tovuti hiyo, kwenye hapo hapo Dev tools:

```
CSS
input, textarea, select {
  background-color: #222 !important;
  color: #eee !important;
}
```

Tovuti ya benki sihangaiki nayo. Nikiifungua nabonyeza Alt+Shift+A, Dark Reader inazimika kwa tovuti ile tu na inakumbuka.

Jobo254
Kwa simu je? Chrome yangu haina mahali pa viendelezi.

Mama Chapati
Weka Firefox ya Android, Dark Reader inakubali humo. Mie siku hizi ndiyo natumia. Tiketi nafungulia Chrome, sitaki tena masonyo.

Bibi Miwani
Mimi nimejaribu yote haya na nimerudi kwenye mweupe. Nina astigmatizimu, na herufi nyeupe juu ya weusi zinanitoka ukungu pembeni, zinaota mabawa. Afadhali nilipopunguza mwanga wa skrini na kuacha nyuma kijivu badala ya nyeusi tii. Kuna mwingine kama mimi?

Neema wa Ughaibuni
Bibi, kwenye Dark Reader kuna vitelezi vya Brightness na Contrast. Shusha Contrast kidogo kidogo uone. Mume wangu alifika mahali akasema inasomeka, lakini hana astigmatizimu, kwa hiyo sikuahidi.

Popo wa Tandika
Limebaki moja. Mitihani ya zamani ni PDF, naifungulia ndani ya Chrome. Dark Reader imeigeuza nyeusi, sawa, ila imegeuza kila kitu. Swali la baiolojia lina picha ya jani, na jani limekuwa la zambarau. INVERT haisaidii, maana Inspect hainionyeshi picha yoyote humo ndani.

SindanoNaUzi
Humo haitakuonyesha. PDF inageuzwa nzima kama karatasi moja, huwezi kuiambia iache jani. Mimi maswali yenye picha nayasoma mchana.

Popo wa Tandika
Mchana niko darasani mkuu. Mwenye njia nyingine ya PDF, mtoto ndiyo huyo anajigeuza.