Ushauri: Namba sita wetu anakimbia kilomita 11.4 lakini za kasi ni mita 410 tu, kocha mkuu anataka kumweka benchi

MsaidiziWaBenchi

Habari zenu wakuu. Mimi ni kocha msaidizi wa timu ya ligi ya mkoa. Tumeazimwa vivesti viwili vyenye kifaa cha GPS mgongoni, kati ya mabega, tukamvalisha kiungo mkabaji wetu na winga wa kulia. Mechi ilikwenda dakika 94. Nimeshaondoa muda wa kupasha misuli na mapumziko, kwa hiyo hizi ni namba za mechi yenyewe.

Kiungo: kilomita 11.4, na kati ya hizo mita 410 ni za zaidi ya kilomita 19.8 kwa saa. Winga: kilomita 9.8, za kasi mita 880.

Kocha mkuu kapiga hesabu. Kiungo ni asilimia 3.6, winga asilimia 9. Anasema huyu kijana anazurura tu katikati, na kuna mahali kasoma kwamba wachezaji wa Ligi Kuu ya England hukimbia kilomita mbili na nusu hivi kwa kasi kubwa kwa mechi. Sasa anataka kumpumzisha na kumpa mazoezi ya spidi. Mimi naona dogo anafanya kazi, ila sina hoja ya kumpa bosi wangu. Nisaidieni.

SpidiKwanza

Bosi wako yuko sahihi. Angalia Ligi Kuu ya England kati ya msimu wa 2006/07 na 2012/13: jumla ya umbali iliongezeka kama asilimia 2 tu, lakini umbali wa kasi kubwa ulipanda kwa karibu asilimia 30. Maana yake kilomita hazikuambii kitu, mpira umehamia kwenye kasi. Mpige mbio za mita 30 kila siku mpaka afike asilimia 8. Akishindwa, kuna vijana wengine.

Kipara_wa_Bonanza

Kilomita 11 mbona kidogo? Mimi nina miaka 43, nacheza kiungo kwenye bonanza la Jumapili, saa yangu ya mkononi inasoma 14 na kitambi changu hiki. Huyo kijana mpelekeni hospitali apimwe damu.

MpimaUwanja

Kipara, shikamoo kaka. Jaribu siku moja kuivaa hiyo saa ukiwa umekaa benchi kipindi kizima uone itakuandikia mita ngapi. Saa ya mkononi inakadiria tu mahali ulipo, na hata ukisimama makadirio hayo yanarukaruka, inaweza kuongeza umbali ambao hukuupita. Na kama uliiwasha toka kupasha misuli, hizo 14 zina mengi ndani yake.

Turudi kwa Msaidizi. Kocha mkuu analinganisha vitu viwili tofauti. Hizo kilomita mbili na nusu za England kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kilomita 14.4 kwa saa. Wewe umehesabu kuanzia 19.8. Ukianzia 19.8, hata wa kule wanashuka hadi kama kilomita moja tu kwa wastani, kwa nafasi zote. FIFA wenyewe kwenye Kombe la Dunia 2022 waliigawa kasi kwenye mistari ya kilomita 15, 20 na 25 kwa saa. Kwa hiyo asilimia bila kusema mstari umechorwa wapi haina maana. Fungua programu yako, shusha mstari hadi 14.4, utupe namba mpya.

Halafu gawa kwa dakika. Kilomita 11.4 kwa dakika 94 ni kama mita 121 kila dakika. Hiyo si ya mzururaji. Ndiyo maana napenda mfano wa Marcelo Brozović: Croatia na Japan, 2022, alipita kilomita 16.7 na dunia ikashangaa. Lakini mechi ile ilikwenda dakika 120. Irudishe kwenye 90 unapata kama 12.5. Bado ni kubwa sana, ila si maajabu tena. Na ni kiungo wa kati ambaye hakuna aliyewahi kumsifia kwa spidi.

SpidiKwanza

Brozović ana akili ya mpira, huyu dogo wa mkoani anayo? Spidi ndiyo inayookoa kama huna akili.

MsaidiziWaBenchi

Asante MpimaUwanja. Nimeshusha hadi 14.4, kiungo kapata kilomita 2.0, yaani asilimia 17 na nusu. Kocha kanyamaza kidogo.

Nimekata pia kwa vipindi. Cha kwanza dakika 47: kilomita 5.9, za kasi ya 19.8 mita 250. Cha pili dakika 47: kilomita 5.5, za kasi mita 160. Kasi yake ya juu kabisa msimu huu ni 28.1 kwa saa, winga 32.5.

MpimaUwanja

Hapo umeleta kitu. Umbali wa jumla umeshuka kwa asilimia 7 tu, lakini wa kasi umeshuka kwa asilimia 36. Kuna sababu tatu zinazowezekana: kachoka, mliongoza mkarudi nyuma kulinda, au mpira ulisimama sana. Kifaa hakiwezi kukuchagulia, lazima uirudie video. Tafuta mara ambazo adui alivunja katikati na kiungo wako alikuwa anamfukuza. Kama anachelewa kuanzia dakika ya 70, hilo ni tatizo la kweli, na halitatibiwa kwa mbio za mita 30 kila siku. Kumrundikia kasi ghafla mtu asiyeizoea ni kuichezea misuli ya nyuma ya paja.

Jambo jingine: namba sita anafanya kazi kwa mita tano, sita. Anafunga njia, anasimama, anageuka. Kabla hajafika 19.8 kazi imeisha. Jasho hilo linaonekana kwenye hesabu ya kuongeza na kupunguza mwendo ghafla, japo hapo ndipo GPS inapokosea zaidi, basi usiisome kama msahafu.

Mama_Physio

Naongezea. Kwa winga wenu, 19.8 ni asilimia 61 ya uwezo wake. Kwa kiungo ni asilimia 70. Mstari ni mmoja, mzigo mwilini si mmoja. Mimi ningewawekea kila mtu mstari wake.

MpimaUwanja

Dada, hapo sikubaliani nawe kwa mechi. Winga wa upinzani hamsubiri kiungo kwa sababu kasi yake ya juu ni 28. Mstari binafsi ni mzuri kupangia mazoezi, lakini wa pamoja ndio unaosema nani anafika kwenye mpira.

Mama_Physio

Na mimi nikimwona kliniki na paja limechanika simuulizi alifika kwenye mpira au la. Hatutamaliza leo.

MsaidiziWaBenchi

Nimeirudia video. Tuliongoza dakika ya 58, tukashuka wote nyuma. Ila dakika ya 81 na ya 86 amepitwa wazi akitembea. Kwa hiyo kocha ana sehemu yake ya haki. Tumekubaliana acheze wikendi hii akiwa na kivesti, na namba nane ashuke kumsaidia kuanzia dakika ya 70.

Kipara_wa_Bonanza

Nimekaa benchi na saa leo kama ulivyosema. Kilomita 1.3. Ila nilisimama mara kadhaa kumtukana refa.