Nimeweka namba, mwaka na mabano kwenye kichwa, asilimia ya kubofya imeshuka. Nirudishe cha zamani?

Kalamu_Nzito: Wakuu, naomba ushauri. Makala yangu iliitwa "Jinsi ya Kupunguza Ukubwa wa Picha". Nikaibadilisha iwe "Njia 7 za Kupunguza Ukubwa wa Picha (2024)", na mwili wa makala sikuugusa. Search Console ya Google kwa siku 28 za kabla: imeonekana mara 2,000, imebofywa mara 80, yaani asilimia 4. Siku 28 za baadaye: 5,000 kwa 140, asilimia 2.8. Nimeharibu?

Dira77: Tatizo ni mwaka umepitwa. Weka mwaka huu kwenye vichwa vyote, Google inapenda vitu vipya. Halafu namba witiri ndizo zinazovutia, 7 iache.

Mzee_wa_Vichwa: Kalamu, kabla ya kurudisha, fungua ukurasa huo kwenye Search Console, nenda kwenye orodha ya maneno waliyotafuta watu, ulinganishe vipindi viwili. Mibofyo imeongezeka, kwa hiyo nashuku umeanza kuonekana kwa maneno mapya, tena huko chini.

Kalamu_Nzito: Ni kweli mkuu! Maneno ya zamani ya "jinsi ya" bado yana 2,000, mibofyo 70, nafasi ileile ya 5. Zile 3,000 nyingine ni "programu za kupunguza picha" na ndugu zake, nafasi ya 9, mibofyo 70.

Mzee_wa_Vichwa: Basi wastani ndio uliokudanganya. Nafasi ya 9 kwa asilimia 2.3 imeshusha jumla. Anayetafuta programu anataka kuchagua, namba 7 inamwambia chaguo zipo. Wa "jinsi ya" anataka njia moja ifanye kazi, saba zinamchosha kabla hajafungua. Ila kutoka 80 hadi 70 ni tofauti ndogo mno, usiihukumu bado.

Dira, mwaka unasaidia pale jibu linapobadilika: bei, sheria, matoleo ya programu. Hatua za kupunguza picha hazibadiliki kila Januari. Na ukibadilisha tarakimu bila kugusa makala, msomaji anakutana na picha za skrini za zamani, anarudi alikotoka.

Zuhura_Video: Mimi kwenye video zangu mabano ndiyo yaliyoniokoa. Jaribu "(Dakika 2)".

Mzee_wa_Vichwa: Video ina picha ya jalada kando ya kichwa, dada, huwezi kujua kipi kilichovuta. Lakini wazo ni zuri: mabano yaseme jambo ambalo kichwa hakijalisema. "(Bila Kupakua Programu)" ina uzito kuliko "(2024)". Kisha tafuta makala yako uone kinachotokea, maana Google hukata kichwa kirefu na wakati mwingine hukiandika upya.

Kalamu_Nzito: Nimetafuta sasa hivi. Mwaka umeondolewa, namba imebaki! Naandika makala ya pili ya programu pekee, hii irudi "Jinsi ya" ikiwa na mabano yako.

Dira77: Ukizitenganisha, zile 3,000 si utazipoteza hadi makala mpya ipande?

Mzee_wa_Vichwa: Inawezekana. Mimi ningeanza na makala mpya, kichwa cha hii ya sasa nisikiguse mpaka ile mpya ionekane.