Mhariri ameharibu nahau zangu kwa jina la sarufi

Ndugu wanajukwaa, nimerudishiwa mswada wangu wa hadithi leo asubuhi, na tangu niufungue sijatulia. Mhariri wa shirika ambalo sitalitaja ameupitia kwa bidii ambayo ningeishukuru kama isingekuwa ya kubomoa. Katika ukurasa wa 14 niliandika, "Wanakijiji walivunjika moyo." Nimekuta, "Wanakijiji walivunjika mioyo," na pembeni maelezo kwamba wanakijiji ni wengi, hivyo na mioyo haina budi kuwa mingi. Kurasa chache mbele, "Tuliwaunga mkono" imekuwa "Tuliwaunga mikono," ambayo kwangu ni kazi ya mganga wa mifupa.

Kilichonichoma zaidi kipo ukurasa wa 61. Niliandika, "Mama alikata tamaa baada ya barua ya tatu." Yeye ameandika, "Tamaa ilikatwa na Mama baada ya barua ya tatu." Nilipompigia simu alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba yambwa hugeuka kuwa kiima katika kauli ya kutendwa, na kwa kuwa "Barua ilisomwa na Mama" ni sentensi safi, haoni kwa nini tamaa isikatwe.

Haoni kwa sababu hajauliza swali dogo kabisa. Ukiuliza, "Mama alisoma nini?" utajibiwa, "Barua." Uliza sasa, "Mama alikata nini?" Hakuna mzawa wa lugha hii atakayekujibu, "Tamaa," isipokuwa anataka kukuchekesha. Barua ni kitu kilichofanyiwa jambo. Tamaa katika fungu hili haikufanyiwa chochote. Imeungana na kitenzi hadi viwili hivyo vikawa kama neno moja lenye maana moja.

Mchukueni mgeni aliyehifadhi kamusi nzima, anayejua kula ni nini, chumvi ni nini na wingi ni nini, kisha mwambieni, "Mzee yule amekula chumvi nyingi." Atamwonea huruma kwa maradhi ya shinikizo la damu. Umri haumo ndani ya kula, haumo ndani ya chumvi, wala haupatikani kwa kuvijumlisha. Umewekwa juu ya fungu lote, na mtu hana njia ya kuujua ila kuambiwa. Na mkigeuza mkasema, "Chumvi nyingi imeliwa na mzee yule," ule umri unatoweka palepale, inabaki chumvi tupu.

Sisemi kwamba nahau ni jiwe. Kitenzi chake hunyumbuka kila siku: sijakata tamaa, usikate tamaa, walikatishwa tamaa. Hata kutendwa kupo. Tunasema, "Hoja iliungwa mkono," na, "Habari zile zilitiwa chumvi." Lakini tazameni ni nani anayepanda kuwa kiima: ni hoja, si mkono, ni habari, si chumvi. Aliye nje ya nahau huruhusiwa kusogea, aliye ndani hubaki alipo. Mhariri wangu hakukosea kuitumia kauli ya kutendwa. Alikosea kumtoa wa ndani na kumsimamisha barazani. Nimepewa siku 3 za kujibu, nami naomba mwenye hoja ya kunipinga ajitokeze kabla sijaandika barua nitakayoijutia.

Mwalimu Mstaafu: Uko sahihi, na mimi ningekuwa mkali zaidi yako. Darasani nilifundisha kwamba nahau ni fungu lililoganda. Haikubali kutendwa, haikubali wingi, haikubali kirejeshi, wala huwezi kubadilisha neno lake hata kwa kisawe. Jaribu kusema "kugonga chuku" badala ya "kupiga chuku" uone kama kuna atakayekuelewa. Hapana mjadala hapo.

Kalamu ya Pili: Mjadala upo, Mwalimu, kwa heshima zote. Kuhusu kisawe sikupingi. Lakini je, "rufaa iliyokatwa na mshtakiwa" ni kosa? Na "kura zilizopigwa jana," na "kiapo alichokula"? Hayo tunayasoma kila siku bila kushtuka, ilhali kukata, kupiga na kula hapo si vya kisu, fimbo wala mdomo. Nimefanya kazi ya kusoma miswada kwa muda mrefu, na ninachokiona ni hiki: rufaa, kura na kiapo zina maana zilezile hata nje ya fungu. Rufaa husikilizwa, kura huhesabiwa, kiapo huvunjwa. Kitenzi tu ndicho kilichoazimwa, kwa hiyo nomino ina miguu yake na inaweza kutembea. Chuku haina miguu hiyo. Nje ya fungu lile, chuku ni pembe ya kuumikia damu, na kutia mambo chumvi hakumo ndani yake. Ndiyo maana "chuku alizozipiga" inamrudisha msikilizaji kwenye pembe. Hoja ya namna hii waliitoa Nunberg, Sag na Wasow mwaka 1994, hasa kwa mifano ya Kiingereza: sehemu ya nahau ikibeba kipande chake cha maana, husogea, isipobeba, hukaa.

Baba Watatu: Poleni. Mimi nilipopigwa kalamu kazini, mwanangu wa miaka 6 alikuja kunipapasa kichwani akitafuta uvimbe. Lakini nadhani wote mnakwepa suala lenyewe. Mkataba wako unasemaje kuhusu mabadiliko ya mswada? Kama ulisaini kwamba mhariri ana neno la mwisho, basi mkono au mikono ni vyake.

Mwenye uzi: Ndugu, siulizi habari za mkataba. Kalamu ya Pili, maelezo yako yamenitikisa, lakini hayanitoshi. Njama ina maana yake kamili nje ya "kula njama"; njama hufichuliwa, njama huzimwa. Kwa kipimo chako ingepaswa kutembea kama kiapo. Mbona basi siwezi kuandika, "Njama zilizoliwa na majirani"? Na tamaa yenyewe, je, haina maana nje ya kukata?

Kalamu ya Pili: Umenishika pabaya. Njama hunisumbua hata mimi. "Walimlia njama" naikubali bila shida, kwa hiyo kitenzi kiko huru, lakini nomino inapotangulia mimi huandika "njama walizopanga." Kwa nini kitenzi kilekile, kula, kimwachie kiapo na kimzuie njama, sina jibu ninaloweza kulisimamia. Kubeba maana kunasaidia kusogea, ila hakuhakikishi.

Baba Watatu: Mimi "njama walizokula" nimewahi kuisikia.

Mwalimu Mstaafu: Kusikia si kuandika. Hata hivyo narudi nyuma hatua moja kuhusu rufaa, na kuna jambo la kumtetea mhariri. "Alivunja mioyo ya mashabiki" hainikwazi. Mioyo ikishapata wenyewe, ikaitwa mioyo ya fulani, imekuwa nomino ya kawaida na wingi unaingia. Katika "walivunjika moyo" hakuna "ya" yeyote, kwa hiyo hapo ningekataa. Ila kosa lake la ukurasa wa 14 ni dogo kuliko lile la tamaa.

Mwenye uzi: Nimemwandikia, na barua imekuwa fupi kuliko nilivyokusudia. Nimeweka lile swali la "Mama alikata nini?" na mfano wa rufaa, ili asidhani kwamba napinga kauli ya kutendwa popote anapoiona. Amekubali kuurudisha ukurasa wa 61 ulivyokuwa, na mkono umerudi kuwa mmoja. Mioyo ya wanakijiji bado anaing'ang'ania.