Ati “rafu si kitanda, bi”! Meneja wa duka lile kubwa hapa Malindi amenipima kwa futi mbele ya watu

Bi_Achari
Sitamtaja. Mnamjua. Yule wa mkanda wa ngozi ya mamba, anayepita katikati ya rafu kama kamanda anayekagua gwaride. Nimetoka hapo sasa hivi na mikono bado yanitetemeka, hata simu naiandikia vibaya.

Nimepeleka achari yangu ya embe kama kila Alhamisi. Ile chupa ya mdomo mpana, mnaijua, hakuna biriani ya arusi Shela wala Maweni inayopakuliwa bila yake. Nilikuwa na safu sita kwa mbele, usawa wa macho, ukiingia tu waiona. Leo nafika, nyekundu tupu! Sosi ya tungule kutoka mwanzo wa rafu hadi mwisho, utafikiri Malindi nzima imeamua kuishi kwa chipsi. Achari yangu naitafuta kama mtoto aliyepotea Maulidi. Naikuta rafu ya chini kabisa, safu moja, ubavuni mwa dawa ya mende. Dawa ya mende, jamani. Chakula!

Nikamuuliza kwa adabu. Akatoa futi mfukoni, ile ya mafundi seremala, akainama akaipima chupa yangu. Mbele ya wateja. Mbele ya mama mkwe wa dadangu, ambaye kufika magharibi Barani yote itakuwa ishajua. Akasema, “Achari yako yalala sana. Rafu si kitanda, bi.”

Rafu si kitanda! Mimi niliyemletea mali kauli, hajatoa hata shilingi mpaka iuzwe, na ikiharibika hasara yangu! Kila chupa anapata 70 bila jasho. Ile sosi anapata 25, mwenyewe ndiye aliyeniambia. Sasa nielezeni nyinyi mliosoma: 70 na 25, kubwa ipi? Na futi ya nini? Kwani amekuja kunishonea buibui?

Kaskazi
“Kama mtoto aliyepotea Maulidi” 😂😂 Pole dada, lakini nimecheka.

MwanaNgomeni
Huyo meneja hajui biashara. Kanuni ni moja: kinacholeta faida kubwa kwa kila kimoja ndicho kinachopewa nafasi kubwa. 70 yaishinda 25, mchezo umekwisha. Mpeleke kwa mwenye duka.

Mzee_wa_Stoo
Mwanangu MwanaNgomeni, nusu ya ulichosema ni kweli na nusu itamtia bi mkubwa hasarani. Nimepanga rafu za maduka makubwa tangu nikiwa kijana. Faida haipimwi kwa chupa, hupimwa kwa nafasi ambayo chupa inaikalia. Bi_Achari, chupa yako ina upana gani, na kwa wiki zauzwa ngapi? Na zile sosi je?

Bi_Achari
Upana sentimita 9, alitangaza kwa sauti mpaka mlinzi wa nje akasikia. Kwa wiki huuza 15 hivi. Sosi alisema ilikuwa na safu tano, chupa ni sentimita 6, na zaenda 48. Alikuwa na karatasi. Karatasi! Kwa ajili ya achari! Halafu ndipo akaniambia rafu si kitanda.

Mzee_wa_Stoo
Basi tazama. Safu zako sita ni sentimita 54. Chupa 15 mara 70 ni 1,050 kwa wiki, yaani kila sentimita yampa kama shilingi 19. Sosi ilikalia sentimita 30 ikampa 1,200, ambayo ni shilingi 40 kwa sentimita. Hapo futi yake haikusema uongo, mamangu. Ulikuwa na rafu nyingi kuliko kazi uliyoifanyia.

Kaskazi
Kumbe kweli ilikuwa imelala 😂

Bi_Achari
Kaskazi, usinikute sokoni.

Mzee_wa_Stoo
Ngojeni, sijamaliza. Kosa lake ni alichofanya baada ya kupima. Ameona 40, akadhani kila sentimita atakayoiongezea sosi nayo italeta 40. Haiji hivyo. Mtu aliyekuja kununua chupa moja ya sosi hanunui mbili kwa kuwa ameona ukuta mwekundu. Kuna utafiti wa 2014 uliokusanya tafiti nyingi za mambo haya: kwa wastani, nafasi ikiongezwa asilimia 10, mauzo hupanda chini ya asilimia 2. Sosi ameiongeza kutoka safu tano hadi ngapi?

Bi_Achari
Kumi na mbili. Nilizihesabu nikiwa nalia.

Mzee_wa_Stoo
Kutoka 48 huenda akafika 55 au 56. Tuseme amepata chupa 8 zaidi, hiyo ni shilingi 200. Sasa njoo kwako. Safu moja kwenda nyuma yaingia chupa ngapi?

Bi_Achari
Nne. Na stoo yao hawanipokei, kilichoko ni kile kilicho rafuni.

Mzee_wa_Stoo
Basi ukiweka nne Alhamisi, Jumamosi pamebaki pengo mpaka Alhamisi nyingine. Hata wateja wawe wangapi, hawezi kuuza zaidi ya nne kwa wiki, 280. Amepoteza 770 ili apate 200. Na baya zaidi, akirudi kupima ataona umeuza nne tu, aseme, “Si nilisema haiendi?” Rafu iliyokuwa tupu haihesabiwi kuwa bidhaa haikutakiwa, lakini karatasi yake haijui tofauti hiyo.

Ningekuwa wewe nisingedai sita. Ningeomba mbili, usawa wa macho, nipeleke Jumatatu na Alhamisi. Zaingia nane kila mara. Hata mauzo yakishuka kutoka 15 hadi 12 kwa kuonekana kidogo, 840 kwa sentimita 18 ni zaidi ya shilingi 46. Umeipita sosi kwa futi yake mwenyewe.

Dunga_Baiskeli
Jumatatu na Alhamisi nauli analipa nani, mzee? Tuktuk zimepanda. Akitoa nauli achari itabaki na faida ya harufu.

Mzee_wa_Stoo
Hapo una neno. Kama hapiti huko kwa shughuli nyingine, aombe safu tatu. Na mauzo ya Ramadhani si ya leo, hesabu hii ni ya wiki ya kawaida tu.

Fundi_Mvule
Nimeona habari za rafu. Natengeneza za mbao ngumu, imara, hazipindi. Dada kama rafu yako imekuwa fupi nitumie vipimo.

Bi_Achari
Mzee, nimekuelewa, na Mungu akuweke. Lakini hayo ya sentimita angeniita ofisini akanieleza, ningeelewa. Mbona mbele ya watu? Mbona kando ya dawa ya mende? Kuna hesabu gani ya hilo? “Rafu si kitanda”!

Mzee_wa_Stoo
Dawa ya mende haina hesabu. Sumu na chakula havikai rafu moja. Hapo ameharibu kazi.

Mama_Kiosko
Nyinyi mwalia rafu, mimi kuna kampuni ya soda imeniletea friji, ati nisiweke hata maji ya mtu mwingine ndani. Soda ya machungwa yao yamaliza wiki mbili haijaguswa, maji yanayouzwa kila dakika yakae juani! Na stima nalipa mimi.

Dunga_Baiskeli
Mama_Kiosko, hiyo friji wapitishie maji nyuma ya soda. Mtaa mzima wafanya hivyo.

Mama_Kiosko
Jamaa wao alifungua wiki iliyopita akayatoa yote akayapanga sakafuni. Mbele ya watoto wa madrasa.

Kaskazi
Stima ya friji hiyo kwa mwezi yakula ngapi? Nataka kuchukua moja.

Mama_Kiosko
Usichukue! Njoo uione mita yangu kwanza.