Mrejesho: laini iliyokuwa kwa jina la mjomba

Niliuliza: "Laini ninayotumia imeandikishwa kwa jina la mjomba aliye Likasi. Nitaihamishaje iwe yangu?"

Imewezekana hapa Lubumbashi. Barua ya mjomba pamoja na kopi ya kadi yake ya mchaguzi havikukubaliwa. Alilazimika kuja mwenyewe na kadi halisi, akasaini fomu ya kuiachia namba, nami nikasaini ya kuipokea. Asante sana, mjomba.

Kabla ya kusaini nilitoa pesa zote za kwenye simu, maana akaunti ile nayo ilikuwa kwa jina lake. Baadaye nikafunguliwa nyingine, na namba mpya ya siri.

Hakikisheni hivi: mtu akutumie pesa kidogo, asome jina linalotokea. Langu likatokea.